Miguu Inayovimba na Kidonge Kinachoachwa: Tulivyoiandika Upya Karatasi ya Amlodipini

Famasi ninayofanyia kazi iko Temeke, upande wa barabara iendayo Mbagala, na wengi wanaofika dirishani kwetu na cheti cha dawa ya presha ni watu wanaotoka au wanaokwenda kazini. Zamani mgonjwa anayeanza dawa hiyo alikuwa akiondoka na maelezo ya mdomo, ambayo aliyasikiliza huku foleni ikimsukuma mgongoni, pamoja na karatasi tuliyoikuta pale. Karatasi hiyo ilikuwa na orodha ndefu ya maudhi ya dawa, ambamo tatizo linalowapata watu wengi lilikaa sawa na lile linalompata mtu mmoja kati ya maelfu. Mwisho wake palikuwa na sentensi moja kuhusu dozi iliyosahaulika: usinywe dozi mbili kwa pamoja. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haimsaidii mtu aliyekumbuka kidonge chake saa nane mchana akiwa ndani ya daladala, wala yule ambaye hakusahau chochote bali ameamua kukiacha.

Huyo wa pili ndiye aliyenifanya niiandike upya karatasi. Nilipoanza kuwauliza wagonjwa wanaorudi kuchukua dawa za mwezi mwingine, nikiuliza bila kulaumu, "Zile siku ambazo hukunywa, ilikuwaje?", niligundua kwamba waliosahau kweli walikuwa wachache. Wengi walikuwa wameacha kwa makusudi, na kila mmoja alikuwa na sababu: kichwa kilimuuma tangu siku ya kwanza, miguu ilijaa, alikuwa amefunga, alipima akakuta presha imeshuka. Maana yake ni kwamba maudhi ya dawa na dozi zisizonywewa, ambayo karatasi ya zamani iliyatenga kama mambo mawili, kwa mgonjwa mara nyingi ni jambo moja. Nitaeleza hapa karatasi ya amlodipini peke yake, kwa kuwa ndiyo dawa ya presha ninayoitoa zaidi, na kwa kuwa kuvimba miguu ndiko kunakowafanya wengi waiache.

Mgonjwa aliyeniwekea jambo hili wazi ni mama mmoja wa miaka 56, muuza vitenge Kariakoo, ambaye hukaa kwenye kiti chake tangu asubuhi mpaka jioni, miguu ikiwa imening'inia. Kabla ya kuanza dawa presha yake ilikuwa 168/102. Alianzishiwa amlodipini ya miligramu 5 mara moja kwa siku, na baada ya mwezi ilikuwa 150/94, hivyo daktari akamwongezea hadi miligramu 10. Kwa miligramu 10 ilishuka mpaka 132/84, matokeo ambayo daktari yeyote angeyafurahia. Wiki chache baadaye alifika dirishani kununua dawa nyingine kabisa.

"Dokta, nipe ile dawa ya kutoa maji," aliniambia, "ile ya miligramu 40. Miguu inanijaa."

"Shikamoo mama. Nani amekuandikia?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna aliyeniandikia. Jirani yangu sokoni anaitumia, nami nimeshakunywa, ila haijanisaidia sana."

Nilimwomba akae kwenye kiti cha ndani, na maelezo yakatoka kidogo kidogo. Miguu ilianza kujaa baada ya dozi kuongezwa. Akaacha amlodipini siku mbili tatu, akaona uvimbe unapungua, akaanza tena, ukarudi, akaacha tena. Katikati akanunua furosemidi, ile dawa ya kutoa maji, kwenye duka la dawa la karibu na kwake, ikamfanya aende haja ndogo mara nyingi na kumkaza misuli ya miguu usiku. Kwa maumivu hayo ya misuli akanunua diklofenaki. Siku ile nilipompima, baada ya kumwacha atulie dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea kiti na mkono ukiwa juu ya meza, presha ilikuwa 166/100. Yaani alikuwa amerudi karibu pale alipoanzia, akiwa na dawa tatu badala ya moja, na diklofenaki nayo ni miongoni mwa dawa zinazofanya mwili ushike chumvi na maji na kupandisha presha.

Uvimbe wa amlodipini una alama zake, na mtu anaweza kuzitambua bila chombo chochote. Nilibonyeza kwa kidole gumba sehemu ya mbele ya mguu, juu kidogo ya kifundo, nikahesabu polepole mpaka tano, nikaachia. Palibaki shimo dogo. Nilifanya hivyo miguu yote miwili na hali ilikuwa ile ile. Nikamuuliza kama asubuhi akiamka uvimbe huwa umepungua, akasema ndiyo, viatu vinamwingia vizuri asubuhi na jioni vinambana. Nikamuuliza kama anaweza kulala chali bila kukosa pumzi, kama anahema akipanda ngazi kuliko zamani, kama uso unamvimba anapoamka, na kama mkojo una povu jingi. Yote alikana. Uvimbe wa pande zote mbili, usio na maumivu makali wala joto, unaozidi jioni na kupungua usiku, ulioanza baada ya dozi kupandishwa, kwa mtu asiye na dalili nyingine, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya dawa. Hata hivyo nilijua kwamba mwenye kuthibitisha hilo ni daktari wake, na kwamba kazi yangu ilikuwa kumfikishia habari iliyonyooka.

Inafaa kueleza kwa nini furosemidi haikumfaa, kwa sababu hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi. Amlodipini hulegeza kuta za mishipa midogo inayopeleka damu kwenye nyama za mwili, lakini haiilegezi kwa kiwango hicho ile inayoirudisha damu kwenye moyo. Damu inaingia kwa wingi na kutoka kwa shida, shinikizo linapanda ndani ya mishipa myembamba kabisa iliyo katikati, na maji yanachuja kutoka humo kwenda kwenye nyama zinazoizunguka. Ni sawa na bustani iliyofunguliwa bomba kubwa huku mfereji wa kutolea maji ukibaki mwembamba kama ulivyokuwa: udongo utalowa hata kama tangi la nyumbani halina maji ya ziada. Dawa ya kutoa maji hupunguza maji ya mwili mzima, na mama huyu hakuwa na maji ya ziada mwilini, kwa hiyo kilichopungua kilikuwa maji na madini ya damu yake, hasa potasiamu, na yumkini ndiyo iliyomletea kukaza kwa misuli. Uvimbe ukabaki. Kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo uvimbe unavyozidi: katika majaribio ya dawa hii ulionekana kwa takribani watu 3 kati ya 100 waliotumia miligramu 5, na kwa karibu 11 kati ya 100 waliotumia miligramu 10, wanawake wakivimba zaidi kuliko wanaume. Joto la Dar es Salaam, ambalo lenyewe hupanua mishipa, na kazi ya kukaa au kusimama mchana kutwa, huongeza tatizo.

Nilimpigia daktari wake simu mama akiwa amekaa, nikamsomea vipimo, dozi alizoruka na dawa alizojiongezea. Daktari alimwita kliniki, akaagiza kipimo cha figo na cha potasiamu, kisha akarudisha amlodipini kwenye miligramu 5 na kumwongezea losatani ya miligramu 50. Uamuzi huo una mantiki nzuri. Losatani huilegeza pia mishipa inayorudisha damu, kwa hiyo hushusha presha na wakati huo huo hupunguza ule uvimbe. Furosemidi na diklofenaki aliziacha. Kwa kuwa umri wake ulikuwa umepita wa kuzaa, losatani haikuwa na kizuizi cha ujauzito, jambo ambalo kwa mwanamke kijana lingekuwa swali la kwanza, kwani dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni. Wiki mbili baadaye alirudia kipimo cha figo, kikawa salama, na kliniki iliyofuata presha ilikuwa 134/82. Viatu vya jioni vilikuwa vinamwingia.

Kutokana na kisa hicho na vingine vilivyofanana nacho, sehemu ya kwanza ya karatasi yetu mpya sasa inasomeka hivi: "Dawa hii inaweza kukuvimbisha miguu yote miwili, hasa jioni. Si dalili kwamba figo zako zimeharibika kwa dawa. Usiiache na usinunue dawa ya kutoa maji. Njoo tukuangalie, daktari anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia. Lakini nenda hospitali siku hiyo hiyo kama umevimba mguu mmoja tu na unauma au una joto, kama unakosa pumzi ukilala chali, au kama uso umevimba. Ukivimba midomo au ulimi, nenda sasa hivi." Nilisisitiza kwamba sentensi kuhusu figo iandikwe waziwazi, ingawa wenzangu wengine waliona itawatisha watu. Hofu hiyo tayari iko mitaani. Nimeisikia mara nyingi kwamba dawa za presha zinaua figo, na mtu anayeiamini hofu hiyo, akiona miguu imejaa, huona uthibitisho wake. Ukweli ni kwamba presha isiyotibiwa ndiyo inayoziharibu figo kwa miaka, na mtu ana haki ya kuusoma kwenye karatasi anayokwenda nayo nyumbani.

Maudhi mengine ya amlodipini tumeyapa nafasi ndogo, kwa kuwa hayahitaji zaidi. Kichwa kuuma, uso kupata joto na moyo kwenda mbio hutokea siku za mwanzo na kwa kawaida hutulia wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Karatasi inasema kichwa kikiuma atumie parasetamoli, wala si diklofenaki au ibuprofeni, na kwamba anayesikia kizunguzungu akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Tumeongeza mstari kuhusu fizi, ambazo kwa baadhi ya watu huvimba baada ya miezi mingi, kwa sababu watu hawaihusishi kabisa dawa ya presha na kinywa, na huishia kwa daktari wa meno bila kutaja wanachokunywa.

Sehemu ya dozi iliyopita ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi kuiandika. Amlodipini hukaa sana mwilini: inachukua kati ya saa 30 na 50 mpaka nusu yake iishe kwenye damu. Mambo mawili yanafuata hapo, na mgonjwa anastahili kuyajua yote mawili. La kwanza ni kwamba dawa haifanyi kazi yake kamili siku ya kwanza; inahitaji kama wiki moja ya kunywewa kila siku mpaka kiwango chake katika damu kitulie, na matokeo kamili kwenye kipimo huonekana baada ya wiki kadhaa. Anayepima kesho yake, akakuta presha iko pale pale na kumeza kingine, anajiongezea dawa ambayo itamfikia kwa pamoja siku zinazokuja. La pili ni kwamba kuruka siku moja hakumwachi mtu bila kinga, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa ya jana bado imo mwilini. Kwa hiyo hakuna sababu ya kufidia kwa vidonge viwili, na hapo ndipo ile sentensi ya zamani inapopata maana yake.

Kanuni inayotumika kwa dawa hii ni ya saa 12: ukichelewa chini ya hapo, meza; zaidi ya hapo, ruka na usubiri dozi inayofuata. Kwa saa zetu kanuni hii haihitaji hesabu. Aliyezoea kumeza saa moja asubuhi ana nafasi mpaka saa moja jioni, aliyezoea saa mbili usiku ana nafasi mpaka saa mbili asubuhi. Karatasi ina pengo ambapo mimi mwenyewe ninaandika kwa kalamu saa ya mgonjwa: "Saa yako ni saa ___ asubuhi. Ukikumbuka kabla ya saa ___ jioni, meza kidonge kimoja. Ikishapita, acha, meza kesho saa ile ile. Kamwe usimeze viwili." Ninamwomba anieleze kwa maneno yake: "Mama, leo umeondoka nyumbani bila kumeza, umekumbuka saa tisa alasiri ukiwa Kariakoo, umerudi nyumbani saa mbili usiku. Unafanyaje?" Jibu sahihi, kwa mtu wa saa moja asubuhi, ni kwamba asimeze tena siku hiyo. Wengi mwanzoni husema watameza, kwa sababu walikumbuka mapema, na hapo tunaona kwamba kinachohesabiwa ni wakati wa kumeza, si wakati wa kukumbuka. Ndiyo maana ninawashauri wanaotoka alfajiri waweke vidonge vitatu au vinne kwenye mkoba, vikiwa ndani ya karatasi yake ya bati na si vikiwa vitupu, kwani jasho na joto huviharibu.

Kukosa siku nyingi ni habari nyingine. Msiba wa ghafla Lindi au Morogoro humtoa mtu nyumbani na nguo alizovaa, na baada ya siku nne au tano sehemu kubwa ya kinga inakuwa imekwisha. Tatizo ni kwamba hasikii chochote. Presha hupanda polepole bila kichwa kuuma, na ukimya huo humfanya aamini kwamba anaweza kukaa bila dawa. Karatasi inamwambia aanze tena na kidonge kimoja kama kawaida siku anayorudi, asijaribu kulipa vilivyopita, na kama amekaa wiki nzima au zaidi apite apimwe. Kwa wanaofunga Ramadhani tunahamishia saa ya dawa kwenye daku, ambayo haiko mbali na saa ya asubuhi waliyoizoea, na kwa dawa inayonywewa mara moja kwa siku hilo linawezekana bila kupoteza dozi hata moja.

Niliombwa niweke dawa zote za presha kwenye karatasi moja ili kupunguza gharama ya kuchapa, nami nilikataa, kwa sababu kanuni ya dawa moja inaweza kuwa hatari kwa nyingine. Atenololi haisamehi kama amlodipini: ikikatwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio na presha ikaruka, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo hilo ni jambo la hatari kubwa. Hidroklorothiazidi, dawa ya mkojo, ikikumbukwa jioni ni bora irukwe hata kama saa 12 hazijapita, kwani itamwamsha usiku kucha. Dawa hiyo pia huachwa na watu wanaokaa saa mbili kwenye foleni ya magari bila choo, na kwao mazungumzo ni juu ya saa ya safari. Kila dawa ina karatasi yake, na jina la dawa limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Jina hilo lina kazi muhimu: amlodipini huja kwenye maboksi ya viwanda tofauti yenye majina tofauti, na nimeshakutana na mzee aliyekuwa akinywa kutoka maboksi mawili kwa wakati mmoja akidhani ni dawa mbili, akaanza kuona kizunguzungu kila akisimama. Sasa tunamwambia kila mgonjwa alinganishe maandishi madogo ya boksi jipya na neno lililo juu ya karatasi.

Anaporudi kwa dawa za mwezi wa pili ninamwomba aje na karatasi pamoja na vidonge vilivyobaki. Mtu aliyepewa 30 na kurudi siku ya 30 akiwa na 9 amekosa karibu theluthi ya mwezi, na kabla daktari hajaamua kwamba miligramu 5 hazimtoshi, ni lazima ajue hilo. Ninaiandika idadi hiyo nyuma ya karatasi, kando ya kipimo cha siku hiyo, kisha ninabonyeza mguu juu ya kifundo na kuandika kama shimo limebaki au halikubaki, ili anapokwenda kliniki daktari asome mambo hayo matatu kwa pamoja.